Tupeane uzoefu: vibarua wa msimu walivyokutoa jasho

Mwana_Mpunguzi: Asubuhi nimepishana na kirikuu barabara ya Iringa, kimejaa kinamama na mikasi yao. Nikajua zabibu zimeiva. Mwaka ule nilichukua vibarua 14, elfu 8 kwa siku, tukapatana na mnyapara tu kwa simu. Kufika saa 3, nusu ya kreti zina majani na zabibu mbichi, nyingine zimejazwa mpaka juu. Zilipopangwa kwenye kenta za chini zikapondeka, maji yanachuruzika. Mnunuzi akakataa kreti 31. Nyie mnafanyaje?

MamaZabibu: Pole mwanangu. Kosa si la vibarua, hukuwaonyesha kazi. Mimi saa 12 kamili nawakusanya wote kwenye mzabibu mmoja. Nashika kichala kwenye kikonyo, nakata, nakigeuza, natoa punje zilizooza, nakilaza kwenye kreti taratibu. Kila mmoja anakata vichala vitatu nikimwangalia. Robo saa tumemaliza. Kisha kreti ya kwanza ya kila mtu naimwaga kwenye turubai mbele yake. Anayekosea namrudisha palepale, maana akijaza kumi hivyo, jua limeshapanda. Na kreti isipite ukingo, ibaki upana wa vidole viwili. Saa 5 tunaacha kuchuma, zabibu ya jua kali inalainika na kuanza kuchacha njiani.

Deiwaka_Kibaigwa: Lipa kwa kreti, mambo ya siku ni kuwalea wavivu.

MamaZabibu: Kibaigwa mnapakia magunia ya mahindi, gunia halipondeki. Ukimlipa mchumaji kwa kreti atakuletea majani.

Deiwaka_Kibaigwa: Basi mama hao wako wanachuma kreti ngapi?

MamaZabibu: Lengo langu ni kreti 10 mpaka saa 5, na nalisema kabla hawajaanza. Aliyefikisha zikiwa safi ana elfu 8 yake na anaondoka. Aliyebakiwa na mbili kwa ajili ya mzabibu haba halaumiwi, nimeuona mwenyewe.

Ally_wa_Hombolo: Hiyo si siku, hiyo ni ngwe iliyovaa kanzu 😂

Nzuguni_Pikipiki: Jamani, kuna anayejua bei ya kreti tupu mjini?

Bibi_Shamba_Mvumi: Ngojeni niwaambie yangu. Nilimpa mnyapara laki 1 na elfu 12 awalipe watu 14, mimi nikapanda kenta kwenda kupima mzigo. Narudi saa 10 jioni, kinamama wamekaa mlangoni kwangu, mmoja ananyonyesha. Mnyapara kasema anakwenda kuvunja noti apate chenji, simu imezimwa. Mwenye mtoto akaniambia, "Mama, sisi hatukufanya kazi ya huyo, tumefanya kazi ya shamba lako." Sikuwa na jibu. Nilikopa kwa jirani nikalipa upya. Tangu siku ile chenji naitafuta jana yake, kila mtu nampa mkononi na anatia dole gumba kwenye daftari.

Ally_wa_Hombolo: Mnyapara alipatikana?

Bibi_Shamba_Mvumi: Nasikia yuko Manyoni.

Mwana_Mpunguzi: Mvumi umeniumiza. Nami wangu alikuwa anakata mia tano kwa kila kichwa, nilijua baadaye.

Kaka_Karani: Kibarua hana mkataba, sheria haimtambui. Msijipe presha.

Dada_Ofisini: Haimtambui wapi? Sheria ya ajira ya 2004 inamsamehe mwajiri kuandika maelezo ya kazi kwa mtu anayemfanyia chini ya siku 6 kwa mwezi. Akizidi hapo, andika. Na mkifika kwenye shauri huna karatasi, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha mlichopatana. Ukurasa mmoja unatosha: jina, kazi yenyewe, siku ngapi, malipo na saa ya kulipa, nani anatoa chakula. Wasomee kwa sauti, wengine hawasomi.

Kaka_Karani: Mavuno yangu ni siku 4.

Dada_Ofisini: Na palizi mwezi huohuo ni watu walewale?

Kaka_Karani: 😶

Deiwaka_Kibaigwa: Mkianza karatasi, watakimbilia kwa jirani asiye na karatasi.

MamaZabibu: Wangu hawakimbii. Wanakimbia anayesema "nitawapa Jumamosi".

Ally_wa_Hombolo: Malipo ya simu je?

Bibi_Shamba_Mvumi: Nusu yao laini si zao, ni za waume. Kuna aliyelia hapa. Ila kijana akitaka simu, mtumie na ya kutolea.

Mwana_Mpunguzi: Jumatatu naanza na watu 10. MamaZabibu, wa kurudia makosa baada ya kreti ya tatu namfukuza au?

MamaZabibu: Mpe kubeba. Umlipe siku yake.

Deiwaka_Kibaigwa: Mfukuze.