Tupeane uzoefu: tangazo la ofa ya Idi na mwisho wa mwaka linaloleta wateja

Muuza Madera: Wadau, habari zenu. Nauza kanzu na madera Kariakoo. Kila msimu natuma meseji kwa wateja, nyingine zinajaza duka, nyingine hazipati hata "bei gani?" Zilizowaletea watu mliziandikaje, na mlituma lini? Wekeni maneno yenyewe.

Mzee wa Cherehani: Mimi natanguliza siku ya mwisho ya oda. Mafundi hufurika kumi la mwisho, na Ramadhani huwa siku 29 au 30, kwa hiyo simwahidi mtu "njoo mkesha wa Idi." Natuma kabla ya Ramadhani 10: *Kanzu za Idi zimefika, saizi ya miaka 2 hadi mtu mzima. Za kushona mwisho wa oda ni Ramadhani 20. Za tayari zipo hadi mwezi uandame. Mtaa wa Kongo.*

Bint Mrima: Maridadi, ila tupia na emoji ya mwezi ing'are.

Fundi Meseji: Kwenye SMS za jumla usitie, dada. Ujumbe wa mzee una herufi 147, unaingia kwenye SMS moja ya herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, kipimo kinashuka hadi herufi 70, na ujumbe mrefu unakatwa vipande vya 67. Ule ule unakuwa SMS tatu, unalipia tatu kwa kila namba. Hata alama ya ng' ikiwa ile iliyopinda, ya kunakili kutoka Word, inafanya hivyo hivyo. Angalia kihesabu cha herufi kabla ya kutuma: kikiruka ghafla, kuna alama ngeni humo.

Kijana wa Stoo: Kwa nini mteseke? WhatsApp bure, brodkasti inamfikia kila mtu.

Fundi Meseji: Bando tu ndiyo gharama, kweli. Lakini brodkasti inamfikia aliyeisevu namba yako peke yake. Aliyenunua Idi iliyopita bila kukusevu haoni kitu.

Mama Vikapu: Mimi niko Arusha, nilidhani mnazungumzia maneno ya spika ya dukani, ila nami nichangie. Desemba mtu anajua anamnunulia nani, hajui anunue nini. Niliacha kurekodi "punguzo kubwa, karibuni." Sasa spika inasema: "Unasafiri kwenda kwenu? Zawadi ya mama, kitenge na kikapu, elfu ishirini na tano, tunakufungia hapa hapa." Wanaingia na mabegi ya safari wakiuliza, "Ile ya mama iko wapi?"

Muuza Madera: Mama, hiyo naichukua. Ila bei mnaitaja kwenye meseji?

Mzee wa Cherehani: Sitaji. Mteja aje ashike kitambaa kwanza.

Mama Vikapu: Mimi nisipotaja, wanapita wakidhani ni ghali.

Bint Mrima: Mzee, hiyo ya Ramadhani 20 ni hata kwa kanzu za darizi ya mkono?