Faida ya mabati yapishana kwa milioni moja: tuchague `FIFO` au `Moving Average`?

Mtunza Vitabu, Lindi
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Ninatunza hesabu za kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Lindi mjini. Tunahamia programu ya ERPNext, na kwenye sehemu ya `Valuation Method` tunasita kati ya `FIFO` na `Moving Average`. Nimejaribu kwa mabati: tulikuwa na 400 ya shilingi 24,000, na fedha za korosho zilipoanza kuingia vijijini tukaongeza 600 ya 29,000, kisha tukauza 500 kwa 32,000. Kwa `FIFO`, yaani gharama ya mzigo wa kwanza kuingia ikihesabiwa kwanza, faida ghafi ni 3,500,000. Kwa wastani, ambao ni 27,000 kwa bati, ni 2,500,000. Bosi anauliza milioni moja imekwenda wapi.

Mzee wa Nachingwea
Mimi nauza dawa za mifugo. Ya zamani isipotoka kwanza itaisha muda rafuni. Chagua `FIFO`, mjadala ufungwe.

Kijana wa Masasi
Kodi ya kampuni ni asilimia 30, hivyo wastani umekuokolea 300,000. Sioni cha kujadili.

Binti Mikindani
Mzee wangu, shikamoo. Mpangilio wa rafu ni suala jingine. Hapa tunachagua gharama itakayoandikwa, hata kama bati lililotoka ni la juzi.

Mtunza Vitabu, mwambie bosi kwamba milioni hiyo iko stoo: mabati 500 yaliyobaki yanasomeka 14,500,000 kwa `FIFO` na 13,500,000 kwa wastani. Yakishauzwa yote, jumla ya faida italingana, kwa hiyo ile 300,000 ya Kijana imeahirishwa tu. Isitoshe, bei ya kununulia ikishuka, wastani ndio utakaoonyesha faida kubwa zaidi.

Kinachonitia shaka ni tarehe. Wastani hukokotolewa upya kila mzigo unapopokelewa. Ikiwa mabati 300 kati ya hayo 500 yaliuzwa kabla ya mzigo mpya, yalitoka kwa 24,000, wastani uliofuata ni kama 28,286, na faida ni takriban 3,143,000. Fungua `Stock Ledger`, usome `Valuation Rate` mstari kwa mstari, ukilinganisha na hati za kupokelea mzigo.

Mtunza Vitabu, Lindi
Nimeangalia. Mapokezi yameingizwa kwa tarehe ya ankara, ilhali lori lilishusha siku kadhaa baadaye, na katikati tuliuza. Je, nauli ya lori kutoka Dar, ambayo ankara yake huchelewa, niiweke wapi?

Kijana wa Masasi
Gharama za uendeshaji, yaishe.

Binti Mikindani
Hapana. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinaitaka nauli ya kuleta mzigo iwe ndani ya gharama ya bidhaa, nayo huingizwa kwa `Landed Cost Voucher`. Sehemu ya mabati yaliyokwisha kuuzwa inapaswa kuangukia gharama ya mauzo. Ila kama mwezi ule umeshafungwa, zungumza kwanza na mkaguzi wenu. Mimi nisingeufungua bila ridhaa yake.

Mzee wa Nachingwea
Marahaba, binti. Na dawa iliyoisha muda, inaandikwa kwa gharama ipi?