Nimechora maski fremu 150, mtu bado anatetemeka!

Wakuu, nina hasira. Nimekesha siku tatu nikimtenga mtu anayetembea na ukuta ulio nyuma yake. Klipu ni ya sekunde 6, fremu 25 kwa sekunde. Mwalimu wa kozi niliyolipia alisema mzungushie maski, sogea fremu moja, rekebisha, endelea. Nimefanya hivyo fremu zote 150! Nikisimamisha, kila fremu ni safi. Nikiicheza, bega linachezacheza kama maji jikoni, na kiganja kinachopunga kimekatwa kama kwa mkasi butu. Kwa nini mtu achukue hela afundishe nusu?

Zuhura_E: Lainisha ukingo, piseli 5. Mimi hufanya hivyo na hukaa sawa.

Mtoa mada: Nimeshafanya! Bega limepata ukungu na linatetemeka vilevile.

Fundi Kimya: Linatetemeka kwa sababu umelichora mara 150. Mkono hauwezi kurudisha nukta palepale kila mara, na zikipishana piseli moja tu jicho linaona. Maski yako ina nukta ngapi?

Mtoa mada: Sabini na kitu, mwili mzima.

Fundi Kimya: Futa. Kichwa kiwe na maski yake, kiwiliwili yake, mkono wa juu, kigasha, kiganja, zote zipishane kwenye viungo. Kigasha nukta 8 zinatosha. Tafuta fremu ambayo mkono umefika mwisho mbele, tuseme ya 1, na mwisho nyuma, ya 13. Weka umbo hapo tu, programu ijaze katikati. Kisha nenda ya 7 uone imekosea wapi. Sogeza na kuzungusha maski nzima kwanza, ndipo uguse nukta. Labda utarekebisha ya 4 na ya 10, basi.

Kiganja ni suala jingine. Shata ikiwa 1/50, mkono unasafiri ikiwa wazi, kwa hiyo ukingo wake ni ngozi iliyochanganyika na ukuta. Ukifuata nje ya ukungu unabeba ukuta, ukifuata ndani unakata vidole. Chora katikati yake, halafu washa ukungu wa mwendo wa maski, nyuzi 180 ili ulingane na shata hiyo. Zuhura hajakosea kabisa, ila ulaini ni wa panaposogea. Bega lililotulia piseli 1 inatosha.

Babu Kamera: Mimi nilitumia kitambaa cha kijani, mbona nywele zina kijani pembeni?

Fundi Kimya: Mzee wangu, hilo lifungulie uzi wake.

Mtoa mada: Nimerudia mkono, sekunde 2 tu. Umetulia! Saa moja, si siku tatu. Lakini nikiuweka kwenye mandhari nyeusi, vidole vina ukanda mweupe.

Fundi Kimya: Huo weupe wa ukuta umo ndani ya piseli zenyewe, maski haiutoi. Sogeza rangi ya ngozi kutoka ndani hadi ukingoni. Ukiibana maski badala yake, vidole vitakonda.

Zuhura_E: Na nywele zinazopepea?

Fundi Kimya: Hizo sijawahi kuzitoa kwa maski peke yake nikaridhika.