Tupeane uzoefu: pisi imelipwa mara mbili, kwenye rafu haipo

Yaya wa Kamalondo
Wandugu wa Lubumbashi mnaouza Facebook, statasi ya WhatsApp na soko la mtandaoni kwa pamoja: hesabu zikipishana ukajikuta umeuza kitu kisichokuwepo, mliombaje radhi, na mlitengeneza vipi? Naanza na ya wifi yangu wa pale komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ameniruhusu.

Alipokea pisi 10 za kitenge cha mchoro mmoja, yadi 6 kila pisi. Sokoni aliandika 10, maana kule anauza pisi nzima. Wateja wa Facebook wanapenda nusu, akawauzia nusu 7. Kichwani akaona zimetoka pisi tatu na kitu. Kumbe nusu 7 zinakula pisi 4, na kipande cha yadi 3 kinabaki peke yake. Rafuni zimebaki nzima 6, soko bado linasema 10. Jumapili, duka limefungwa, zikaingia komande 7, zote zimelipwa.

Patroni Junior
Si angegawa tu? 5 soko, 5 Facebook. Mimi nafanya hivyo na chaja za simu, sijapata kesi.

Mama Njanja
Chaja ziko nyingi na zote sawa, mwanangu, ndiyo maana. Mimi nauza viatu, kila saizi pea moja au mbili. Nigawe nini hapo?

Kwa vitenge, daftari liwe moja na lihesabu yadi, si pisi. Pisi 10 ni yadi 60. Ila pembeni andika pisi nzima ngapi hazijakatwa, maana soko linakula hizo tu. Ukikata moja kwa ajili ya nusu, punguza soko saa ile ile, kabla hujafunga kifurushi. Na usiandike yote uliyo nayo: ukiwa na nzima 6, soko liandike 5. Zikibaki 2, mimi naondoa tangazo kabisa.

Katalogi ya WhatsApp haikuhesabii chochote, kwa hiyo kitu kikiisha kifiche mwenyewe. Statasi inapotea baada ya saa 24, lakini picha watu wameshaihifadhi. Watakuletea mwezi ujao.

Moto Kampemba
Mimi shida yangu ni wateja wanaoagiza halafu simu hawapokei. Nimefika hadi Ruashi na mzigo, mtu amezima. Huyo ataniomba radhi lini?

Yaya wa Kamalondo
Pole papa, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Mama Njanja
Inagusa kidogo. Mtu anayesema "niwekee" bila avansi, mimi sitoi kitu chake kwenye hesabu. Akituma avansi, kitu kinatoka kwenye daftari na kwenye kurasa zote.

Mteja wa Katuba
Mimi ni mnunuzi. Niliambiwa mzigo umekwama Kasumbalesa, jioni nikaona nguo ile ile kwenye statasi ya muuzaji huyo huyo. Angesema "imeisha, pesa yako hii" ningerudi kwake.

Yaya wa Kamalondo
Wifi alipiga simu Jumatatu asubuhi kabla mteja hajauliza, kisha akamwandikia hivi:

"Mama, samahani sana. Kitenge ulicholipia kimeisha. Kosa ni langu, sikupunguza hesabu. Naweza kukurudishia dola 20 zako leo pamoja na pesa ya kutoa, au uchukue yadi 3 zilizobaki na dola 10 zirudi. Chagua wewe, nasubiri."

Mama alikataa yote mawili. Ni sare ya harusi, dada zake wameshashona.

Mama Njanja
Hapo hakuna mchoro mwingine utakaomfaa. Mtafute muuzaji mwenzako mwenye mchoro ule, hata ukipoteza dola chache. Lakini usinunue kwa picha. Soma maandishi ya pindoni, kisha weka kipande chako na chake pamoja nje, juani. Mchoro unaweza kuwa mmoja lakini chapa ya mara nyingine imetoka nyekundu zaidi, na kwenye picha za harusi itaonekana.

Yaya wa Kamalondo
Ndivyo alivyofanya. Alipata kwa dola 24, akapeleka mwenyewe. Ile nusu bado iko dukani.

Patroni Junior
Sasa ikibaki moja na wawili wamelipa, mmoja soko, mmoja Facebook kwa M-Pesa, nani apewe? Mimi nampa wa soko. Ukifuta komande kule, nyota zinashuka.

Mama Njanja
Mimi naangalia saa. Meseji ya M-Pesa ina saa, komande ya soko ina saa. Aliyelipa kwanza anachukua, hata nyota zishuke.

Mteja wa Katuba
Mama yuko sawa.

Patroni Junior
Mama ana wateja wa miaka pale Njanja. Mimi ukurasa wangu ni mpya, nyota zikishuka sitauza chaja hata moja. Wengine mnafanyaje?