Waandaaji, bayo haikatwi kwa mkasi wa kiboksi! Nimechoka

Wakuu nina hasira. Mimi mpiga gita, nimealikwa kupiga shoo, nikaombwa bayo nikatuma ile ndefu niliyonayo. Jamaa wa matangazo kaibandika kwenye kiboksi kinachobeba herufi 280, kilipojaa akaishia hapohapo. Ukurasa ukasoma "alianza gita akiwa na miaka 9 kwenye kwaya ya shule, baadaye akajiunga na" basi, kimya. Watu wananiuliza ulijiunga na nini, jeshi?

Nikalalamika, akarekebisha, akaharibu zaidi. Niliandika "alikuwa mpiga gita wa bendi ya dansi hadi 2018", yeye kubana nafasi katoa "alikuwa" na "hadi 2018". Sasa nasomeka bado niko kwenye bendi niliyoiacha, wenzangu wa zamani wananipigia simu, na kuna watu watakuja wakitegemea bendi nzima wakute mtu na gita lake.

Kumbe ingetosha hivi:

"Mpiga gita na mtunzi mwenye albamu 2 za gita tupu. Alikuwa kwenye bendi ya dansi hadi 2018, sasa hupiga peke yake. Usiku huo atapiga nyimbo za albamu mpya, gita moja bila bendi."

Haifiki hata herufi 200, nafasi zikiwemo!!

Fundi Majukwaa: Pole, ila na wewe ulituma gazeti. Mimi napandisha kurasa za matukio, bayo nyingi zinaanzia kuzaliwa, la maana liko mkiani, ukikata mkia umekata nyama. Nafuta sentensi nzima kuanzia juu, utoto, shule, halafu "mahiri" na "mwenye kipaji cha pekee". Kwenye simu mtu anaona mistari miwili mitatu tu kabla ya "soma zaidi", kwahiyo sentensi ya kwanza ijitegemee. Nikimaliza namrudishia mwenyewe asome, hapo ndo makosa ya "alikuwa" yanakamatwa.

Kijana wa Posta: Dawa ni kufuta elimu yote, hakuna anayejali digrii ya mtu.

Fundi Majukwaa: Kwa mpiga gita sawa. Ila mtu anakuja kuongelea figo, ukifuta kuwa ni daktari wa figo watu wamsikilize kama nani?

Mama Kwaya: Samahani, mimi CV yangu ya kuomba kazi ni kurasa 4, niipunguze?

Kijana wa Posta: Mama hiyo ni mada nyingine kabisa 😂

Mama Kwaya: Haya. Lakini mwandaaji ana bayo 20 za kubana, ana muda wa kumrudishia kila mtu kweli?

Mwenye uzi: Anao muda wa kunipigia saa tano usiku kudai picha, basi anao. Na bango limeshachapwa na ile "mpiga gita wa bendi", nani analipia jingine? Mpaka sasa hajajibu.