Sutikesi ya matairi manne au mawili: ipi inaingia kwenye 115 ya kabini?

msafiri_mwepesi
Wadau habarini. Nina sutikesi mbili mpya hapa mbele yangu, moja nabaki nayo nyingine narudisha dukani kesho. A ni plastiki ngumu ya matairi manne yanayozunguka, lebo imeandika 52 x 36 x 22, nikijumlisha napata 110. B ni ya kitambaa, matairi mawili yamezama kwenye kona za chini, lebo 54 x 38 x 22, jumla 114. Safari yangu ina ndege mbili za mashirika tofauti, Singapore Airlines wao wanataka urefu upana na kina ukijumlisha isizidi sentimita 115, afu Lufthansa wanataka 55 x 40 x 23. Kwa hesabu hiyo A ndo ndogo na bado nina sentimita 5 za ziada, kwa hiyo nimeshaegemea huko, ila roho inasita kidogo kwa ajili ya yale matairi. Mnaonaje?

kaka_tiketi
A mkuu, chukua A. Ukishakuwa chini ya 115 umemaliza, mi nimesafiri na begi la jumla 115 miaka kibao na sijawahi kusimamishwa. Habari ya kupima upande mmoja mmoja wanaandika tu, wanachotaka ni jumla.

shonamabegi
Subiri kwanza usirudishe kitu. Mi natengeneza mabegi, matairi na zipu ndo kazi yangu ya kila siku, na hiyo lebo ya A inanitia shaka. Mabegi mengi ya matairi manne lebo inataja boksi lenyewe tu, yani ile plastiki, matairi na mshikio wa juu hayamo. Shirika la ndege linahesabu vyote. Sasa tairi la kuzunguka na mguu wake huwa linashuka kama sentimita 4 au 5 chini ya boksi, mshikio wa juu hata ukiwa umelala bado unabaki umeinuka kidogo, na ule wa ubavuni nao unatoka nje. Chukua tepu upime mwenyewe hivi:

Simamisha begi sakafuni, ligusishe ukuta, mkono wa kuvutia uwe umesukumwa ndani mpaka mwisho. Weka kitabu kigumu juu yake kilale sawa na kiguse ukuta, weka alama chini ya kitabu, ondoa begi, pima toka sakafuni mpaka kwenye alama. Usipitishe tepu juu ya mwili wa begi mana litafuata mbonyeo na utapata namba ya uongo. Upana pima ukihesabu mshikio wa ubavuni. Kwenye kina sasa ndo watu wengi wanakosea, yazungushe yale matairi yaelekee nje kabisa, mana yakigeuka yanaweza kupita usawa wa plastiki, afu upime pale yalipofika.

Na pima likiwa LIMEJAA nguo. Tupu halikuambii kitu.

mama_wawili
Jamani mbona mnamtisha, jumla ni 158 sio 115! Mi mwezi uliopita nimesafiri na watoto wangu wawili na begi kubwa kabisa, tulipima ikawa 155 na walipokea bila neno.

tepu_mkononi
@mama_wawili hiyo 158 ni ya begi unaloliacha kaunta linaenda chini ya ndege, ni inchi 62. Yeye anaongelea la kuingia nalo ndani.

@kaka_tiketi nakuheshimu ila hapo nusu ni kweli nusu sio. Chukua begi la 60 + 35 + 20, jumla 115 kamili, kwa shirika linalotaja jumla peke yake hesabu inakubali, lakini ukilipeleka Lufthansa zile 60 hazikai kwenye 55. Na kinyume chake pia kipo, ukijaza kipimo cha Lufthansa chote 55 + 40 + 23 unapata 118, hapo Singapore umeshazidi 3. Wajapani ndo wameliweka wazi zaidi, ANA na JAL wanaandika 55 x 40 x 25 NA jumla isizidi 115, wakati hizo namba tatu ukizijumlisha ni 120. Maana yake hairuhusiwi kufika mwisho pande zote kwa pamoja, ukitanua huku lazima upunguze kule. Kwa hiyo mwenye safari ya mashirika mawili anapima mara mbili, jumla halafu upande kwa upande, na begi lipite kote.

kaka_tiketi
Hapo kwenye 60 nimekuelewa, sikuwahi kuiwaza hivyo. Langu ni 55 x 35 x 25, kumbe ndo maana linapita, limefanana kabisa na kipimo cha KLM.

tepu_mkononi
Ndo hivyo, ila kwa Lufthansa hiyo 25 ya kina inazidi 23.

msafiri_mwepesi
Nimerudi na namba. Nimejaza zote mbili nguo zile zile nikapima kwa kitabu na ukuta.

A: urefu 57, upana 37, kina 23. Jumla 117! Lebo ilisema 110. Matairi na mshikio vimekula 5 kwenye urefu peke yake, ubavuni 1, na matairi yakigeuka nje yameongeza 1 kwenye kina. Inashindwa kote, Singapore imezidi 2 na Lufthansa urefu umezidi 2.

B: 54 x 38 x 22, sawasawa na lebo, kumbe hawa walihesabu matairi. Jumla 114. Ila nikijaza mfuko wa mbele, chaja na koti jepesi, kina kinaenda 25 na jumla 117.

shonamabegi
Basi jibu umelipata, B na mfuko wa mbele uache mtupu, koti livae. Na kama B ina ile zipu ya kuongeza inayozunguka begi zima hakikisha imefungwa, nimeshaletewa mabegi mengi zipu hiyo imefunguka kidogo mwenyewe hajui, na sentimita 3 au 4 zimeshaongezeka. Jambo lingine, siku ukibadilisha matairi pima upya, fundi akikuwekea seti yenye mguu mrefu kuliko ya mwanzo ile 54 haipo tena.

mama_wawili
Asanteni kwa kunielewesha, nilichanganya. Ila kwenye foleni mi huwa naona wanaangalia kwa macho tu, au wana kile kisanduku cha chuma cha kutumbukiza begi. Sijawahi kuona mtu na tepu.

tepu_mkononi
Kwenye kisanduku jumla haina kazi, pale ni upande kwa upande tu, ndo maana A ingekwama na zile 57, plastiki na matairi havibonyei. Kitambaa unaweza kukisukuma kikaingia.

msafiri_mwepesi
Sasa hapo ndo swali langu la mwisho. Kama mfuko wa mbele una chaja tu, kina ni 23 na nusu nikipima, lakini nikibonyeza kwa mkono kinarudi 22. Wanahesabu ipi?

shonamabegi
Kwenye kisanduku ya kubonyeza, mana likiingia bila kulazimisha limeingia. Akija na tepu ataandika 23 na nusu.

kaka_tiketi
Mi ningeacha hiyo chaja mfuko wa mbele.

tepu_mkononi
Mi ningeihamishia ndani. Nusu sentimita ni nusu sentimita, na ndege ya pili ukomo ni 23.