Mrejesho: Kiboko kimepotea

Niliuliza: "Kwenye hadithi yangu, mwalimu mstaafu anakubali upesi mno kwamba sentensi ya mtoto wa jirani ni sahihi. Nimcheleweshe vipi?"

Asanteni. Nimefuta hotuba yake ndefu ya ngeli na kubadilisha sentensi yenyewe. Sasa daftarini imeandikwa "Kiboko kimepotea," na pembeni alama ya kosa kwa wino mwekundu.

"Kiboko ni mnyama," mzee anasema, miwani puani. "Umbo ni KI-VI, lakini kiumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA. Amepotea."

"Si mnyama, Babu. Ni kile cha kuchapia."

Mzee akanyamaza. Akakunja kona ya ukurasa, akaikunjua. Cha kwake bado kilikuwa juu ya kabati.

"Hicho... kimepotea," akasema. "Haya, sahihi. Ila ungeandika fimbo usingetusumbua."

Hapo kwenye fimbo nilicheka mwenyewe. Hata akishindwa lazima asahihishe kitu. Aliyesahihisha shuleni simlaumu sana, maana sentensi ile peke yake haisemi ni kiboko gani. Na aliyependekeza mtoto alie, samahani, hilo sikulichukua.